Eksirei ya kifua cha mvutaji sigara na cha aliyepikia kuni: dalili za emfisema na mipaka ya picha

Tunapopokea eksirei ya kifua ya mtu aliyevuta sigara kwa miaka mingi na anayelalamika kuishiwa pumzi, jambo la kwanza tunalotazama ni ukubwa wa mapafu yenyewe. Katika emfisema, kuta za vijifuko vidogo vya hewa huharibika na vijifuko huungana kuwa nafasi kubwa. Pafu hupoteza uwezo wake wa kunywea, njia ndogo za hewa hujifunga mgonjwa anapotoa pumzi, na hewa hubaki ndani. Kwa hiyo mapafu hukaa yamejaa kupita kiasi hata mgonjwa anapopumzika.

Tuchukue mfano wa mvuvi mwenye umri wa miaka 62, mwembamba, aliyeanza sigara akiwa kijana. Katika picha yake ya mbele, kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kimeshuka chini ya ubavu wa saba wa mbele na kimelala karibu bapa, ilhali kwa kawaida huinuka kama kuba. Moyo unaonekana mwembamba na wima. Katika picha ya ubavuni, nafasi nyeusi iliyo kati ya mfupa wa kidari na mishipa mikubwa ya moyo imepanuka kuliko kawaida. Kati ya dalili hizi, kubapa kwa kiwambo ndiko tunakokuamini zaidi, kwa sababu kijana mwenye afya akivuta pumzi vizuri anaweza naye kuhesabiwa mbavu saba, lakini kuba la kiwambo chake halipotei.

Sehemu ya juu ya pafu lake la kulia kuna eneo jeusi lisilo na mishipa ya damu, lililozungukwa na mstari mwembamba sana. Hiyo ni bula, mfuko wa hewa unaozidi sentimita 1 kwa upana. Hapa ndipo kosa la hatari linapoweza kutokea. Bula kubwa hufanana na hewa iliyovuja na kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, hali ambayo mara nyingi hutibiwa kwa kuingiza mrija kifuani. Mrija huo ukiingizwa ndani ya bula, hutoboa pafu na kuanzisha uvujaji ambao haukuwepo. Hewa iliyovuja kwa kawaida huonyesha ukingo wa pafu uliojitenga na kubinuka kuelekea ukuta wa kifua, ilhali ukingo wa bula hubonyea kuelekea ndani ya pafu. Pale tofauti isipokuwa wazi na hali ya mgonjwa ikiruhusu, kipimo cha CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha kifua vipande kwa vipande, kifanyike kabla ya mrija. Picha za zamani husaidia sana hapa, kwani mfuko uliokuwepo mahali palepale miaka miwili iliyopita hauwezi kuwa hewa iliyovuja leo. Ndiyo maana tunawasihi wagonjwa wasitupe eksirei zao.

Kipimo cha CT huona pia uharibifu mdogo ambao eksirei huukosa. Kwa mvutaji sigara huonekana vitundu vyeusi visivyo na ukuta dhahiri, vilivyojaa zaidi sehemu za juu za mapafu. Vikizidi sehemu za chini, hasa kwa mtu mwenye umri mdogo, tunafikiria upungufu wa kurithi wa protini inayolinda mapafu.

Kwa mama aliyepikia kuni kwenye mafiga tangu utotoni na hajawahi kugusa sigara, sura huwa nyingine, na hapa ndipo wengi huambiwa kimakosa kwamba hawana tatizo. Moshi wa kuni, kwa wastani, huathiri njia za hewa zaidi ya vijifuko. Emfisema yake huwa ndogo au haionekani kabisa, na eksirei inaweza kusomeka kuwa ya kawaida ilhali anahema akipanda kilima na ndoo ya maji. Kwenye CT tunaona kuta za njia za hewa zilizonenepa. Akipigwa picha nyingine baada ya kutoa pumzi yote, baadhi ya maeneo hubaki meusi kwa sababu hewa imenaswa humo. Wakati mwingine masizi yaliyokusanyika huambatana na kovu linalobana njia ya hewa, na sehemu ya pafu iliyo mbele yake hunywea. Sura hiyo hufanana na kifua kikuu au saratani, hivyo makohozi hupimwa kabla ya dawa kuanzishwa.

Kwa wote wawili, picha haipimi kasi ya hewa inayotoka. Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao sura hizi mbili ni sehemu yake, huthibitishwa kwa spiromita: baada ya dawa ya kupanua njia za hewa, mgonjwa hupuliza kwa nguvu zote, na hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya hewa yote aliyopuliza, kizuizi kipo, hata kama eksirei ni safi. Fomu ya kuombea picha nayo isiishie kwenye neno "kikohozi". Iandikwe miaka ya sigara, au miaka ya kupikia kuni na kama jiko lilikuwa ndani ya nyumba, kwa sababu msomaji wa picha hutafuta mambo tofauti kwa kila mmoja wao.