Faragha tofautishi: kwa nini kufuta majina hakumfichi mtu

Katikati ya miaka ya 1990, tume iliyosimamia bima ya afya ya watumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts, Marekani, iliwapa watafiti kumbukumbu za matibabu za watumishi hao na familia zao, watu wapatao 135,000. Majina yalifutwa, na anwani pia. Kilichobaki kilionekana hakina madhara: magonjwa, matibabu, na pembeni yake tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta.

Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu pale MIT, alinunua kwa dola 20 daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge, alikoishi gavana wa jimbo, William Weld. Daftari hilo lilikuwa na majina, na lilikuwa pia na tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta, yaani mambo yale yale matatu yaliyoachwa kwenye kumbukumbu za matibabu. Wapiga kura sita walikuwa na tarehe ya kuzaliwa ya gavana. Kati yao watatu walikuwa wanaume, na mmoja tu aliishi kwenye msimbo wake wa posta. Sweeney akawa ameipata rekodi ya matibabu ya gavana.

Wapo waliohoji baadaye kwamba si kila mtu mzima wa Cambridge alikuwa amejiandikisha kupiga kura, kwa hiyo huenda mtu mwingine mwenye sifa zile zile hakuonekana daftarini. Ni hoja ya haki. Ila gavana alikuwa amezirai hadharani mwaka 1996 na magazeti yakaandika, na habari kama hiyo ndiyo inayomsaidia anayetafuta kuthibitisha kwamba amempata mtu wake.

Kwa nini mambo matatu ya kawaida yatoshe? Piga hesabu. Mwaka una siku 365. Chukua miaka 80 ya kuzaliwa na jinsia mbili, unapata visanduku 58,400 ambamo mtu anaweza kuangukia. Daftari la Cambridge lilikuwa na wapiga kura wapatao 54,000 waliogawanyika katika misimbo saba ya posta, wastani wa watu 7,700 kwa kila msimbo. Ukiwamwaga watu 7,700 katika visanduku 58,400, wengi watakaa peke yao kisandukuni. Jina lilikuwa njia mojawapo tu ya kumtaja mtu, na kulibadilisha kwa namba ya siri hakugusi visanduku hivyo hata kidogo.

Mtu atasema: basi tusitoe rekodi za mtu mmoja mmoja, tutoe jumla tu. Nayo huvuja. Tuseme ofisi yenye wafanyakazi 200 inachapisha kila mwezi idadi ya wanaotumia dawa za kisukari. Mwezi wa kwanza ni 41. Katikati ya mwezi mfanyakazi mmoja anaacha kazi, hakuna aliyeajiriwa, na mwezi unaofuata idadi ni 40. Kwa mwenzake wa meza ya pili, kutoa 40 kwenye 41 si utafiti. Namba zote mbili ni za kweli, hakuna jina lililotajwa, na siri ya aliyeondoka imetoka.

Hapo ndipo inapoingia faragha tofautishi, dhana iliyotolewa mwaka 2006 na Cynthia Dwork, Frank McSherry, Kobbi Nissim na Adam Smith. Wao hawakuuliza ni safu gani ya jedwali ifutwe. Waliuliza hivi: jibu linalotolewa lingekuwa tofauti kiasi gani kama mtu huyu mmoja asingekuwemo kabisa? Jina linatokana na swali hilo, kwa kuwa kinachopimwa ni tofauti kati ya kuwemo na kutokuwemo. Sharti ni kwamba tofauti hiyo iwe ndogo kwa mtu yeyote, hata kama anayechungulia anawajua wengine wote waliomo.

Njia ya kutimiza sharti hilo ni kuchanganya kwenye jibu kiasi cha bahati nasibu, ambacho wataalamu hukiita kelele. Mtu mmoja hubadilisha hesabu ya ofisi yetu kwa 1 tu, basi kelele inatakiwa kuwa pana kuliko 1. Kiwango hupangwa kwa namba iitwayo epsiloni: upana wa kelele ni 1 kugawanya kwa epsiloni. Tukichagua 0.5, upana ni 2, na jibu kwa kawaida litakosea kwa mbili au tatu hivi, juu au chini.

Sasa ofisi inatangaza 43. Je, ukweli ni 41 au 40? Kwa kelele ya aina hii, iitwayo ya Laplace, uwezekano wa kupata 43 kutoka 41 ni mkubwa kuliko kutoka 40 kwa mara 1.65, ambayo ndiyo e^0.5, yaani namba ya hisabati e, kama 2.718, ikipandishwa kwa kipeo cha epsiloni yetu. Kama mchunguzi alianza akiwa nusu kwa nusu, baada ya kuona 43 atakuwa na imani ya asilimia 62 kwamba ukweli ni 41. Amejifunza kitu, lakini si cha kumtia mtu hatiani. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakijali mchunguzi ana daftari gani lingine mkononi, leo au miaka kumi ijayo.

Kelele ina adui wake, naye ni kurudia. Swali hilo hilo likijibiwa mara 100 kwa kelele mpya kila mara, wastani wa majibu utaikaribia namba halisi hadi sehemu kama tatu za kumi, na 41 itajitenga waziwazi na 40. Ndiyo maana epsiloni hutumiwa kama bajeti: majibu mawili ya 0.5 yanagharimu 1, majibu 100 yanagharimu 50. Bajeti ikiisha, mwenye data anatakiwa kufunga dirisha. Mfumo unaojisifu kwa faragha tofautishi bila kusema jumla ya bajeti yake, binafsi siuamini.

Kuna jambo ambalo dhana hii haikuahidi. Utafiti ukionyesha kwamba sigara husababisha saratani, mvutaji atashukiwa hata kama hakushiriki. Hilo halihesabiwi kuwa uvujaji, maana lingejulikana bila yeye. Na vikundi vidogo huumia zaidi upande wa usahihi: kukosea kwa tatu katika 4,000 ni bure, katika kijiji cha watu tisa ni theluthi nzima.

Mvutano huo ulionekana katika sensa ya Marekani ya 2020, iliyotumia faragha tofautishi. Idadi ya watu ya kila jimbo ilitolewa bila kelele, kelele ikawekwa kwenye maeneo madogo. Watumiaji wa takwimu walilalamika kwamba namba za vitongoji hazieleweki, na bajeti ya majedwali ya kugawa maeneo ya uchaguzi, kwa upande wa taarifa za watu, ikapangwa kuwa kubwa, 17.14, ili kelele ipungue. Ukiingiza namba hiyo kwenye kanuni ile ile iliyotupa 1.65, unapata zaidi ya milioni 27. Bajeti hiyo iligawanywa katika hesabu nyingi, kwa hiyo hakuna hesabu moja iliyopewa yote, lakini kwa jumla yake mtu mmoja hakubakiwa na ahadi nzito kwenye karatasi.