«Si mtaosha?»: Maneno niliyoyachoka kwenye turubai la taka

Video yetu ya kutenga taka za nyumbani ni ya dakika nne. Tuliipiga kwa simu kwenye baraza moja huku Langoni, mjini Lamu, kelele za punda zikiingia kila baada ya sentensi mbili, na ndani yake narudia jambo lile lile mara tatu: kinachooza kikae ndoo yake, kikavu kikae kiroba chake, na kisicho na kazi yoyote, kama nepi, kikae peke yake. Kesho yake mtoto wa jirani akaniletea kiroba kimefungwa vizuri kwa kamba. Nikakifungua. Chupa za soda, maboksi, mkebe wa maziwa ya unga, na juu ya vyote mchuzi wa samaki wa jana.

"Mama hakuiona video?" nikamwuliza.

"Ameiona. Asema, si mtaosha?"

Mtoto hana kosa. Lakini nimeshika kazi ya kuchambua taka za kikundi chetu miaka sita sasa, na neno hilo nimelisikia kwa watu wa Mkomani, wa Langoni, wa Gardeni, wenye elimu na wasio nayo. Nimeona nilijibu kwa urefu mara moja, nipumzike.

«Huko mbele wataosha»

Huko mbele ni wapi? Watu hudhani kuna kiwanda chenye mashine kubwa inayomeza kiroba upande mmoja na kutoa plastiki safi upande wa pili. Huko mbele ni mimi na wenzangu wawili, turubai moja, mzani wa kuning'iniza na madumu ya maji. Na maji yenyewe ni haya haya ya Lamu. Maji matamu ya mji huu yanatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hushika mvua na kuihifadhi chini. Kuyamwaga kwenye chupa iliyopakwa mchuzi kunaniuma kuliko kuiona chupa yenyewe imetupwa.

Kiroba kile cha mtoto nilikipima kabla sijakigusa. Kilo saba. Nikakimwaga juu ya turubai na kuchambua kila kitu: machicha ya nazi, maganda ya maembe, wali na mifupa ya samaki, yote pamoja kilo nne na nusu. Chupa na mikebe kilo moja na robo hivi. Maboksi na magazeti yaliyolowa karibu robo tatu ya kilo. Nepi mbili zikajaza kilichobaki. Kazi hiyo ilinichukua dakika arobaini na dumu zima la maji, na mwisho wake nikapata nini? Karatasi yote ilikwenda na maji. Karatasi ikishanywa mchuzi na mafuta hairudi kuwa karatasi, kwa sababu mafuta hushika kwenye nyuzi zake na hayatoki hata ukiianika siku tatu. Chupa tatu za mafuta ya kupikia zilishika mchanga wa turubai kama samaki aliyepakwa unga, nikaziweka kando. Mnunuzi anapoona hizo hukataa furushi zima, si chupa tatu.

Na hata akikubali, hesabu haikai sawa. Mzigo wetu unashuka kwenye mashua hadi Mokowe, unapandishwa lori, unakwenda Mombasa, zaidi ya kilomita 300. Tunalipa kwa uzito. Chupa yenye maji ndani, tope na mabaki ya wali, yote hayo tunayalipia nauli ili yakatupwe Mombasa badala ya kutupwa hapa.

Wiki iliyofuata nilikwenda mwenyewe kwa mama yule. Sikumpa somo. Nilimwekea ndoo moja yenye kifuniko karibu na mbuzi ya nazi, na kiroba kikatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Basi. Kilichotoka safari hiyo kilikuwa kilo zile zile nne na ushei za mabaki, zikaenda moja kwa moja shimoni. Kiroba cha kavu nilikichambua kwa dakika tano, bila tone la maji, na kila kilichokuwamo kilipata pa kwenda. Halafu nikaona jambo moja lililonichekesha: karatasi zilikuwa nusu kilo tu. Ile robo iliyozidi wiki ya kwanza ilikuwa mchuzi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kutenga taka maana yake nini, simwambii kuokota chupa. Namwambia: zuia umajimaji usiguse kavu. Zaidi ya nusu ya taka za jikoni zetu ni vitu vinavyooza. Ukivitoa hivyo tu, na usifanye jambo jingine lolote maishani mwako, umenimalizia kazi kubwa. Hata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeanza hapo hapo: vinavyooza mbali na visivyooza.

Sasa, kuna wanaoruka upande wa pili. Bibi mmoja wa Mkomani aliniletea chupa zimeoshwa kwa sabuni, zinang'aa utadhani za harusi. Shangazi, hapana! Hatutaki ing'ae. Suuza kwa yale maji ya mwisho ya kuoshea vyombo, ambayo yangemwagwa hata hivyo. Kipimo changu ni kiganja: pindua chupa juu ya mkono wako, na kama mkono haukulowa wala haukuteleza, imetosha. Chupa ya mafuta ya kupikia isimamishe kichwa chini juu ya sufuria usiku kucha, mafuta yanayochuruzika upikie. Asubuhi tia kijiko cha majivu na maji ya uvuguvugu, tikisa, mwaga. Usitie maji yanayochemka, chupa nyembamba itajikunja. Majivu ndiyo yaliyosugua masufuria ya nyanya zetu pamoja na kumbi la nazi, na yanakata mafuta hadi leo.

«Plastiki ni plastiki»

Tangu jahazi la Flipflopi liliposhushwa majini hapa Lamu mwaka 2018, lililoundwa kwa plastiki iliyoyeyushwa na kupambwa kwa kandambili zilizookotwa, watu wameamini kwamba kila plastiki inaweza kuwa ubao. Wananiletea sahani zilizovunjika, mirija, pakiti za biskuti, wakisema fanyeni jahazi.

Fanya hivi nyumbani. Chukua chupa ya soda, kata kipande cha ubavu wake. Chukua na kifuniko chake. Vizamishe vyote viwili kwenye ndoo ya maji, visugue kwa vidole ili mapovu yatoke, kisha viachie. Kifuniko kitapanda juu, kipande cha chupa kitalala chini. Ni chupa moja, umeinunua dukani kama kitu kimoja, lakini ni plastiki za aina mbili. Ile inayozama, yenye namba 1 kwenye pembetatu, huyeyuka kwenye joto la nyuzi 250 hivi. Plastiki ya jerikani, yenye namba 2, ambayo huelea, huyeyuka kwenye nyuzi 130. Ukizitia pamoja kwenye joto la jerikani, vipande vya chupa vinabaki vigumu kama kokoto kwenye ugali, na ubao unapasukia hapo hapo. Ukipandisha joto mpaka chupa iyeyuke, ya jerikani inaanza kuharibika.

Ndiyo sababu nawasumbua kuhusu vifuniko. Vifungue, vitieni kwenye mkebe wao. Ukiwa na shaka angalia namba, na kama namba imefutika, ndoo ya maji itakujibu. Jaribio hili halifai kwa lile povu jeupe la kufungia televisheni, maana hilo limejaa hewa na litaelea tu. Na pakiti za biskuti na krispi, zile zinazong'aa ndani, ni tabaka za vitu tofauti zilizogandishwa pamoja. Sisi hatuwezi kuzitenganisha. Zitie na nepi.

«Punda watakula»

Hii husemwa kwa upole, kama sadaka. Mtu anafunga maganda na wali kwenye karatasi ya mkate, anaweka kichochoroni, punda ale. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, sawa, lakini karatasi ya mkate na pakiti ya maziwa bado zipo, na ni plastiki.

Punda hafungui fundo. Anakula ganda na mfuko wake, kwa sababu mfuko wenyewe umeshanuka embe. Plastiki haimeng'enywi. Inakaa, inajikusanya na nyingine, inasokotana na nyasi mpaka kunakuwa na donge linaloziba njia. Na punda, kama farasi, hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite au kimuue. Ukimwona punda anageuza shingo kutazama ubavu wake, anapiga teke tumboni, analala na kuinuka, hataki chakula, hiyo ni msokoto, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kama unataka kumpa maganda, mpe mkononi au kwenye beseni, kisha ondoka na beseni lako.

Mengine, kwa haraka

«Ndoo ya mabaki inanuka.» Inanuka kwa sababu imejaa maji na haina hewa. Chuja mchuzi kabla, tandika kumbi au vumbi la mbao chini, na kila ukitia mabaki funika kwa konzi ya vumbi hilo. Imwage shimoni kila jioni, wala usingoje ijae. Matumbo na magamba ya samaki yafukie dhiraa moja kwenda chini, la sivyo paka wa mtaa mzima watakufukulia kabla ya alfajiri.

«Nepi ni plastiki, itie na kavu.» Hapana. Hapana kabisa. Nafungua viroba kwa mikono yangu.

«Plastiki kidogo tukiichoma haina neno.» Moshi wake haupandi juu ukapotea. Nyumba zetu zimegusana ukuta kwa ukuta na kichochoro hakizidi upana wa punda na shehena yake, kwa hiyo moshi unaingia dirisha la jirani, na cheche inatafuta makuti.

«Vyote vinaishia kwenye mkokoteni mmoja.» Vya wengine, ndiyo, na siwezi kuwatetea. Vya kikundi chetu vinabebwa kwenye matandiko ya punda mmoja, shogi ya kulia kavu, shogi ya kushoto mabichi. Mkimwona kijana wetu anachanganya, niiteni mimi.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, turubai litakuwa limetandikwa pale pale mlipoona kwenye video. Karibuni majirani, watoto pia, kahawa na kashata zipo. Leteni kiroba kimoja cha kavu hata kama hamna hakika mmetenga sawa. Tutakimwaga pamoja, na chochote tutakachobishania tutakitia kwenye ndoo ya maji tuone kama kinaelea.