Jaribio la upofu katika unajimu: 40 kati ya 116 maana yake nini

Mjadala wa nyota ukipamba moto, hakosekani wa kusema kwamba sayansi ilishathibitisha unajimu ni uongo, eti kulifanyika jaribio la upofu. Wala hakosekani wa kumjibu kwamba hata kwenye jaribio hilo wanajimu walipatia theluthi nzima, na theluthi si haba. Wote wawili wanasema juu ya jaribio lile lile, na wote wawili hawajalielewa.

Maana yenyewe haina ugumu. Jaribio la upofu ni lile ambalo anayetoa uamuzi hajui jibu sahihi ni lipi. Likiwa la pande mbili, hata anayemkabidhi karatasi hajui, kwa hiyo hawezi kumvujishia jibu kwa sauti wala kwa uso. Kwa upande wa unajimu, unachukua chati za kuzaliwa, yaani michoro inayoonyesha jua, mwezi na sayari vilikuwa wapi saa mtu alipozaliwa, unafuta majina na kuweka namba. Maelezo ya tabia za watu hao nayo unayafuta majina. Kisha mnajimu anaambiwa aoanishe.

Kinachokera ni vile watu wanavyolichanganya jambo hili na swali jingine kabisa: “Je, maelezo haya yanakufaa?” Mtu anasomewa chati yake, anatikisa kichwa, anasema “huyu ni mimi kabisa”, na hilo linahesabiwa kuwa ushahidi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya haiba, kila mmoja akiamini yameandikwa kwa ajili yake peke yake. Wakayapa alama za kutoka 0 hadi 5 kwa jinsi yalivyowafaa, na wastani ukawa 4.26. Karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, mengi yakiwa yameokotwa kwenye kitabu cha nyota. Maelezo yanaweza kukukaa vizuri na yakamkaa vizuri vilevile jirani yako, kama shuka linavyomfunika yeyote anayejilaza. Jaribio la upofu halikuulizi kama umefunikwa. Linauliza kama chati yako inaweza kukutofautisha na mtu mwingine.

Sasa turudi kwenye jaribio lenyewe. Lilibuniwa na Shawn Carlson, aliyekuwa mwanafunzi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Kalifonia, Berkeley, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Nature Desemba 1985. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba hakuwavizia wanajimu. Alishauriana na baraza lao moja kubwa la Marekani, likamtajia wanajimu wanaoheshimiwa na wenzao, na 28 kati yao wakakubali kushiriki. Washauri kutoka upande huo walipitia utaratibu wa jaribio kabla halijaanza, nao ndio waliosema kwamba, kati ya vipimo vya haiba vilivyokuwepo, Dodoso la Kisaikolojia la Kalifonia ndilo linalokaribiana zaidi na mambo wanayoyasoma kwenye chati. Dodoso hilo lina mamia ya sentensi ambazo mtu anajibu kweli au si kweli. Majibu yakishasahihishwa hutoka grafu ya vipengele 18, kama vile kupenda kuongoza, kuchangamana na watu, kuwajibika na kujidhibiti.

Kwa kila chati aliyopewa, mnajimu alipewa pia grafu tatu za haiba. Moja ilikuwa ya mwenye chati, mbili za watu wengine waliochaguliwa bila mpango. Alitakiwa kutaja inayolingana zaidi, kisha inayofuata. Vilevile alizipa grafu zote tatu alama za kutoka 1 hadi 10 kuonyesha kila moja inakaribiana na chati kiasi gani. Kabla ya kuanza, wanajimu walisema wangepatia angalau nusu.

Zilioanishwa chati 116. Mtu anayefumba macho na kuchovya kidole angepatia theluthi, yaani karibu 39. Kwa ahadi ya nusu, wanajimu walipaswa kupatia 58. Walipatia 40.

Hapa ndipo wale wa “theluthi si haba” wanapoteleza. Theluthi hiyo si mafanikio madogo. Ndiyo sifuri ya jaribio hili. Palipo na machaguo matatu, asiyejua chochote anaanzia 39, na ujuzi unahesabiwa kuanzia hapo kwenda juu. Waliuzidi ujinga mtupu kwa chati moja. Tena bahati yenyewe haitoi 39 kila mara. Ukirudia kubahatisha chati 116 mara nyingi, kwa kawaida utaangukia kati ya 34 na 44, na mara chache utatoka nje ya 29 na 49. Kwa hiyo 40 imekaa katikati kabisa ya bahati, ilhali 58 ingekuwa mbali kiasi kwamba hata mbishi wa kweli angelazimika kukaa kitako na kufikiri upya.

Jaribio lilikuwa na sehemu nyingine, ambamo watu wenyewe walisoma tafsiri tatu za chati na kuchagua iliyo yao. Nao hawakuipita theluthi. Ila sehemu hiyo siishikilii sana, na Carlson mwenyewe hakuishikilia. Watu hao hao walipopewa grafu tatu za dodoso, walishindwa pia kuitambua ya kwao kwa kiwango kinachozidi bahati. Kama mtu hajitambui hata kwenye kipimo alichokijaza kwa mkono wake, huwezi kuilaumu chati peke yake.

Wanajimu walijibu, na baadhi ya majibu yao yana uzito. La kwanza linatokana na hilo hilo nililolitaja sasa hivi: kama mwenye grafu haitambui, kwa nini mnajimu aitambue? Grafu ya vipengele 18 ni lugha ya wanasaikolojia, na kuisoma kunahitaji mafunzo. Hoja hii ni ya haki. Ugumu wake ni kwamba ilikuja baada ya matokeo. Kabla yake, wanajimu waliipitisha grafu na kuahidi nusu.

Jibu la pili ni la hesabu, nalo linahitaji utulivu. Mwaka 2009 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Suitbert Ertel, alizirudia takwimu za Carlson na kudai kwamba ndani yake mna dalili ndogo kwa faida ya wanajimu. Sehemu ya hoja inaonekana ukizitazama chaguo zote tatu. Grafu sahihi iliwekwa ya kwanza mara 40, ya pili mara 46, na ya mwisho mara 30 tu. Ukijumlisha ya kwanza na ya pili unapata 86, wakati bahati ingetoa karibu 77. Alama za 1 hadi 10 nazo, alivyozipanga yeye, zilielekea upande huo huo.

Je, tofauti ya 9 ni kubwa? Bahati pekee ingeleta 86 au zaidi takribani mara 5 katika kila mara 100. Ingekuwa hivyo ndivyo walivyoahidi tangu mwanzo, “tutaipata katika mbili za kwanza”, tungesema inastahili kurudiwa kwa kundi kubwa zaidi. Lakini waliahidi chaguo la kwanza. Ukiruhusiwa kujaribu njia kadhaa za kujumlisha baada ya kuona majibu, mojawapo itang’aa hata kama chini yake hamna kitu. Zaidi ya hapo, angalia 46 imekaa wapi. Kama mnajimu kweli anauona mwanga wa mtu kwenye chati, ungetarajia chaguo la kwanza ndilo liwe juu, si la pili.

Malalamiko kuhusu grafu yalipata jibu zuri kuliko ubishi: jaribio jingine. John McGrew na Richard McFall, wanasaikolojia wa jimbo la Indiana, walichapisha mwaka 1990 jaribio ambalo wanajimu wenyewe walisaidia kulitayarisha. Hakukuwa na grafu. Wanajimu walisema wanataka kujua nini kuhusu watu, na watu 23 wakaeleza maisha yao kwa urefu, na picha zao zikawekwa kwenye mafaili. Wanajimu sita walipewa chati 23 na mafaili 23, waoanishe. Ukigawa chati ovyo kwenye mafaili, wastani wa utakaopatia ni mmoja, iwe mafaili ni matano au mia. Hakuna mnajimu aliyepatia zaidi ya watatu, na mtu asiye mnajimu aliyepewa kazi hiyo hiyo hakuwa nyuma yao.

Lakini katika jaribio hilo hesabu ya waliopatia si ndiyo inayonisimamisha. Wanajimu hawa hawakukubaliana wao kwa wao. Chati namba fulani, huyu aliipeleka kwenye faili hili, mwenzake kwenye faili lile, na makubaliano yao hayakuwa ya kutia maanani. Ungeweza kusema dodoso ni baya, au faili halitoshi, au watu wanajidanganya kuhusu tabia zao. Hakuna hata moja ya sababu hizo inayoeleza vizuri kwa nini wataalamu wanaoshika chati ile ile na mafaili yale yale waende njia sita tofauti.

Kuna jibu jingine, kwamba chati haisomwi kavu, husomwa mbele ya mtu, katika mazungumzo. Huenda mazungumzo yanamfaa mteja. Ila mtu aliyeketi mbele yako ana umri, mavazi, lafudhi, na swali lililomleta, na kila anapotikisa kichwa anakuelekeza. Ukipatia hapo, huwezi kujua kilichokuambia ni chati au ni uso. Ni kwa sababu hiyo upofu uliwekwa.

Wapo pia wanajimu wanaosema waziwazi kwamba kazi yao ni ramli, haikuwa kipimo cha tabia tangu mwanzo, na kwa hiyo haipimwi hivi. Msimamo huo hauvunjwi na Carlson wala na McGrew, na anayesema kwamba majaribio haya “yaliuua unajimu wote” anayapa kazi ambayo hayakuifanya. Yalipima dai moja: kwamba chati, pasipo mtu mbele yako, inaeleza haiba ya mwenyewe kiasi cha kumtenga na wengine. Dai hilo lilishindwa. Ombi langu kwa wa ramli ni dogo tu: wakishalikimbilia jibu hilo, wasirudi kesho yake kumwambia mteja kwamba mwezi wake unaonyesha yeye ni mtu wa hasira.