Hatua moja ya odi: faida ya skalpingi inapopatikana na inapoishia

Wanaouza mafunzo ya kutredi mechi huanza na jambo la kweli: unaweza kupata faida kwenye mechi bila kujua nani atashinda, tena kabla mpira haujaanza. Kinachoachwa nje ni ukubwa wa faida yenyewe na watu wanaoigawana.

Skalpingi, yaani kuingia kwa odi moja na kutoka kwa odi ya karibu yake ili kuchuma tofauti, hufanyika kwenye soko la dau, na linalojulikana zaidi ni Betfair ya Uingereza, lililoanza mwaka 2000. Pale wateja wanabeti wao kwa wao. Mmoja anaunga timu ishinde, mwingine anapinga, na mwenye soko anachukua kamisheni. Kwenye kampuni ya kawaida ya kubeti huwezi kupinga. Kuna kashauti, yaani kufunga dau lako mapema, ndiyo, lakini bei yake inapangwa na kampuni, na imeshajikatia chake humo.

Tuchukue mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, saa chache kabla ya kuanza. Timu ya nyumbani ina odi ya 2.50 kwa anayetaka kuunga papo hapo, na 2.52 kwa anayetaka kupinga papo hapo. Kati ya 2 na 3, odi za Betfair husogea kwa hatua ya 0.02, kwa hiyo hakuna bei nyingine katikati. Anayefanya skalpingi hachukui bei iliyopo. Anaweka ombi la kuunga kwa pauni 100 kwenye 2.52 na kusubiri apatikane mtu wa kupinga. Likipokelewa, anaweka ombi la kupinga kwa pauni 100.80 kwenye 2.50. Nalo likipokelewa, amemaliza: timu ishinde, itoke sare au ifungwe, ana senti 80 za pauni. Hiyo ndiyo hatua moja, yaani chini ya asilimia moja ya dau.

Ugumu uko kwenye kusubiri. Kwa kila bei kuna foleni, na aliyetangulia kuweka ombi ndiye anayehudumiwa kwanza. Ukikuta pauni 4,000 mbele yako kwenye 2.52, lazima wapingaji walete pauni 4,000 kabla hawajafika kwako. Ndiyo maana ukwasi, yaani wingi wa fedha zinazopita sokoni, ni jambo la kwanza kutazama. Mechi kubwa huwa na fedha nyingi pande zote mbili na bei hutulia, ila foleni ni ndefu. Mechi ya daraja la chini ina foleni fupi, lakini unaweza kukuta 2.44 upande mmoja na 2.60 upande wa pili, na ukishaingia hupati wa kukutoa.

Tena foleni ina hila yake. Ombi lako la 2.52 hupokelewa haraka hasa pale wapingaji wanapomiminika, na wapingaji wakimiminika odi inapanda. Mara nyingi hutokea kikosi kinapotangazwa na mshambuliaji tegemeo hayumo. Umepata ulichoomba, lakini sasa wa kukutoa wako kwenye 2.56. Ukikubali kutoka hapo unapoteza pauni 1.56. Ukikataa, ukasubiri irudi, hiyo si skalpingi tena, umebeti.

Filimbi ya kuanza nayo ni ya kuangaliwa. Soko la mechi, yaani dau zote za swali moja kama nani atashinda, linapoingia kwenye mchezo, maombi ambayo hayajapokelewa hufutwa, isipokuwa kama uliagiza yabaki. Upande ulioshapokelewa haufutwi. Aliyeunga na hajapata wa kumtoa anajikuta na pauni 100 ndani ya mechi, na bao moja la wageni linaondoa faida ya masoko mengi.

Kamisheni, kwa upande wake, hukatwa kwenye faida halisi ya soko moja, si kwenye kila dau. Ukipata na kupoteza mara kadhaa ndani ya soko lilelile, hesabu inajumlishwa kwanza. Lakini masoko tofauti hayafidiani. Kwa kiwango cha asilimia 5, senti 80 zinabaki 76, ilhali hasara ya senti 80 unaibeba yote. Ukishinda masoko 50 na kupoteza 50, hujatoka sare: umepoteza pauni 2. Hata ukishinda 51 bado uko chini kwa senti 44. Faida inaanza kwenye 52, nayo ni pauni 1.12 tu kwa masoko 100, ilimradi hakuna hasara hata moja iliyozidi hatua moja. Hasara moja ya hatua mbili, ile ya 1.56, inamaliza ushindi wa mara mbili na kudai senti nne juu yake.

Kwa hiyo ukioneshwa picha za skrini zenye faida ya mechi moja moja, omba taarifa ya akaunti ya mwezi mzima, kamisheni ikiwa imeshatolewa na masoko yaliyopata hasara yakiwemo.