Jinsi Insha ya Falsafa Inavyosahihishwa: Kuijenga Upya Hoja na Kupima Pingamizi

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wakati mwingine wazazi wao, hutuuliza mara kwa mara inawezekanaje insha ya falsafa kupewa alama ilhali somo lenyewe halina jibu moja linalokubaliwa na wote. Jibu letu ni kwamba msahihishaji hapimi msimamo wa mwanafunzi. Anapima kazi mbili ambazo zinaweza kuonekana kwenye karatasi: iwapo mwanafunzi ameijenga upya hoja ya mwanafalsafa kiasi kwamba mwenyewe angeitambua kuwa ni yake, na iwapo pingamizi alilolitoa limejaribiwa mbele ya jibu bora linaloweza kutolewa dhidi yake. Katika insha ya alama 20, mimi hutenga alama 8 kwa kazi ya kwanza, 8 kwa ya pili, na 4 zinazobaki kwa mpangilio na lugha.

Nitaeleza kwa kutumia hoja moja inayofundishwa sana katika kozi za maadili, ile ya mwanafalsafa Peter Singer katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1972, baada ya umaskini, kimbunga na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuwaacha wakimbizi wapatao milioni 9 wa Bengali Mashariki, Bangladesh ya sasa, bila chakula wala makazi. Singer anaanza kwa kusema kwamba mateso na vifo vinavyotokana na ukosefu wa chakula, makazi na matibabu ni jambo baya. Kisha anaweka kanuni: iwapo tuna uwezo wa kuzuia jambo baya lisitokee, bila kupoteza kitu chochote chenye uzito wa kimaadili unaolingana nalo, tunawajibika kulizuia. Ukiongeza kwamba watu wenye kipato cha kutosha wanaweza kuzuia mateso hayo kwa kuchangia misaada, na kwamba wanachopoteza hakilingani na uhai wa mtu, hitimisho linafuata: wanawajibika kuchangia, tena mengi zaidi ya wanayochangia sasa.

Katika makala hayo kuna mfano maarufu wa mtu anayepita kando ya kidimbwi, akamwona mtoto anazama. Kumwokoa kutamchafua nguo kwa matope, lakini hilo si kitu mbele ya uhai wa mtoto. Hapa ndipo insha nyingi hupoteza alama, na kosa lenyewe linahitaji kuelezwa kwa utulivu kwa sababu huonekana dogo. Mwanafunzi huandika kwamba, kwa mujibu wa Singer, kumsaidia mwenye njaa wa nchi ya mbali ni sawa na kumwokoa mtoto anayezama, kwa hiyo tunapaswa kusaidia. Sentensi hiyo imegeuza hoja inayotegemea kanuni kuwa hoja ya mfanano. Tofauti yake ni kubwa, kwani hoja ya mfanano hudhoofika pindi mtu anapoonyesha kwamba mambo mawili yaliyolinganishwa yanatofautiana kwa namna fulani muhimu. Hoja ya kanuni haiangushwi hivyo. Kwa Singer, mtoto wa kidimbwini ni mahali ambapo kanuni inaonekana ikifanya kazi, na anayetaka kuipinga ni lazima aonyeshe kwamba kanuni yenyewe si ya kweli, au kwamba haihusu hali ya wenye njaa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekosea katika ujenzi atakosea pia katika pingamizi: ataandika ukurasa mzima kuhusu umbali kati yetu na Bengali, akidhani ameshinda, wakati Singer ameshasema waziwazi kwamba umbali haupunguzi wajibu.

Maneno ya kanuni nayo hayabadilishwi ovyo. Mwanafunzi akiandika “bila kupoteza kitu chochote chenye uzito wa kimaadili”, ameitaja kanuni ya pili, iliyo laini zaidi, ambayo Singer mwenyewe anaitoa kama mbadala. Akiandika “bila kujidhuru”, ametunga kanuni ambayo haimo kabisa. Hitimisho pia hupotea kwa urahisi. Insha inayomaliza kwa kusema kwamba ni vizuri kuwasaidia maskini imeukwepa ukali wa hoja, ambayo inasema kwamba kutochangia ni kosa, na kwamba tabia yetu ya kuuita mchango huo hisani haina msingi.

Sasa tuje kwenye pingamizi. Chukua insha mbili za kubuni. Ya kwanza inasema kwamba misaada huliwa na wala rushwa, hivyo hoja haisimami. Swali langu la kwanza kama msahihishaji ni hili: pingamizi linapiga kauli ipi? Kanuni haijaguswa, kilichoguswa ni dai kwamba mchango wetu unazuia mateso. Hilo ni halali, na mwandishi hupata alama kadhaa kwa kulilenga. Lakini akiishia hapo hajalipima, maana Singer angejibu kwamba njia moja ya kuchangia ikivuja, wajibu unahamia kwenye njia isiyovuja. Ili pingamizi lifike kwenye hitimisho, mwandishi angepaswa kudai kwamba hakuna njia yoyote inayofika, na dai hilo ni zito mno kulitetea.

Insha ya pili inatoka kwa mwanafunzi anayemlipia mdogo wake ada ya shule. Anasema kwamba fedha hizo zingeweza kuokoa uhai wa mtu asiyemjua, hivyo kanuni inaonekana kumtaka amwachishe mdogo wake masomo, jambo ambalo hawezi kulikubali. Kisha anajijibu kwa niaba ya Singer: kanuni inaruhusu kuzingatia uzito wa kimaadili wa kile kinachopotea, na wajibu kwa ndugu una uzito. Hatimaye anajiuliza kama uzito huo unalingana kweli na uhai wa mtu, anakiri kwamba ada peke yake hailingani, kisha anadai kwamba aliyeahidi kumsomesha mdogo wake na kumfanya ayapange maisha yake kwa ahadi hiyo hana tena uhuru wa kuipima fedha hiyo kana kwamba haijaahidiwa. Sina uhakika kwamba amefaulu, kwa kuwa mtu anaweza kuuliza kama ahadi ingemzuia kumwokoa mtoto wa kidimbwini. Hata hivyo ningempa 7 kati ya 8, na yule wa kwanza 3, kwa sababu wa pili ametuonyesha mahali hasa pa mgogoro: neno “unaolingana” ndani ya kanuni, ambalo Singer hakulipatia kipimo.

Kuna kipingamizi kimoja ambacho kinatajwa karibu katika kila insha, kwamba hoja inadai mno. Ni pingamizi zuri likitolewa sababu. Likibaki kama malalamiko, halifai alama nyingi, kwa sababu Singer analikubali wazi kwamba kanuni yake inatutaka tutoe hadi pale ambapo kutoa zaidi kungetuumiza sisi kwa kiasi sawa na tunachokiondoa kwa wengine. Kilicho kigumu ni kueleza kwa nini ugumu wa wajibu uwe dalili kwamba wajibu huo haupo.

Ninawashauri wasahihishaji wenzangu waandike kauli za hoja wenyewe, kwenye karatasi tofauti, kabla ya kufungua insha ya kwanza. Wasahihishaji wawili wanapotofautiana kwa alama 4 au 5, karatasi hizo zitaonyesha haraka kama tofauti iko kwenye insha au kwenye namna walivyoielewa hoja yenyewe. Njia hii ina mpaka wake, kwani baadhi ya maandishi ya falsafa, kama mazungumzo ya Plato au mahojiano ya mwanafalsafa Odera Oruka na wahenga wa Kenya, hayajapangwa kwa kauli zinazofuatana, na kuyalazimisha kwenye safu ya madai kunaweza kuficha jinsi msemaji anavyobadili mawazo yake katikati ya maongezi. Kwa maandishi ya aina hiyo, mimi humwomba mwanafunzi achague sehemu moja fupi ambapo msemaji anatoa sababu, na aijenge hiyo tu.