Sahani moja, bei tatu: orodha ya bei za vizio hutengenezwaje?

*Inakuwaje ofisi moja iandae bajeti tatu mwezi mmoja, na chakula cha semina kiwe na bei tofauti katika kila bajeti?*

Mara nyingi hakuna aliyekosea kupiga hesabu wala aliyeongeza cha juu. Kila mwandishi wa bajeti alinunua kitu tofauti kidogo, ila wote wakakiita kwa jina moja.

Tuchukue mfano. Bajeti ya kwanza ina washiriki 30 kwa siku 3, na chakula ni 1,350. Ya pili ina washiriki 20 kwa siku 2, chakula 720. Ya tatu ina washiriki 25 kwa siku 4, chakula 1,200. Ukitazama jumla huoni tatizo lolote. Lakini gawanya kila jumla kwa idadi ya watu, kisha kwa siku, utapata 15, 18 na 12.

Sasa tazama ankara kifani ya mpishi ambayo wote watatu waliitumia. Humo mlo wa mchana ni 12, chai mbili ni 3, na chini kabisa kuna kodi ya asilimia 20. Mmoja ameandika mlo peke yake, 12. Mwingine amejumlisha chai, 15. Aliyebaki ameweka na kodi, 18. Bei zote zimetoka kwenye karatasi ileile.

Ndiyo maana orodha ya bei haianzi na bei, inaanza na kizio. Kuandika "chakula: 18" hakusaidii kitu. Mstari unaofaa husomeka hivi: "Chakula cha semina, mlo wa mchana na chai mbili, kwa mtu mmoja kwa siku moja, pamoja na kodi: 18." Pembeni yake weka msimbo, tuseme CHK-01, bei ilikotoka, na tarehe ya ankara hiyo. Tarehe ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu bei isiyo na tarehe hakuna anayejua imezeeka lini. Kama kuna semina zisizo na chai, usiwaachie watu wapunguze wenyewe. Wape mstari wa pili, CHK-02, mlo peke yake pamoja na kodi: 14.40.

Tukirudia hesabu kwa 18, na tukichukulia kwamba semina zote tatu zitakuwa na chai, bajeti ya kwanza ilipaswa kuwa 1,620 na ya tatu 1,800. Ya kwanza ilipungukiwa 270, ya tatu 600. Upungufu kama huo hujitokeza siku ya kulipa, wakati fedha imeshaidhinishwa na hakuna pa kuongezea.

Si kila kitu kiingie kwenye orodha. Mimi huweka vinavyojirudia katika bajeti mbili au zaidi: chakula, ukumbi, posho ya kujikimu, mafuta, uchapaji. Mashine inayonunuliwa mara moja iombewe bei yake yenyewe.

Katika jedwali la kompyuta, bajeti ivute bei kwa msimbo, si kwa jina, kwani "chakula" na "vyakula" kwa kompyuta ni vitu viwili. Ikiwa orodha iko kwenye karatasi iitwayo Bei, misimbo safu A na bei safu E, na msimbo unaoutafuta umeuandika B5 ya bajeti, andika:

```
=XLOOKUP(B5,Bei!A:A,Bei!E:E)
```

Msimbo usipopatikana utaona ujumbe wa kosa `#N/A`. Usiufiche ujumbe huo kwa kuweka sifuri; huo ndio ulinzi wako. Wanaotumia `VLOOKUP` wamalizie na `FALSE`, kwani bila hiyo huweza kuleta bei ya msimbo wa jirani bila kukuonya.

Kuna mtego mmoja ambao huja baada ya orodha kuanza kufanya kazi vizuri. Ukibadilisha 18 kuwa 20, kila bajeti iliyounganishwa nayo hubadilika, pamoja na ile iliyokwisha kusainiwa. Kwa hiyo bajeti ikiidhinishwa, nakili safu ya bei na uibandike kama thamani tupu, kisha andika juu yake toleo la orodha lililotumika. Bajeti mpya zitumie toleo jipya, na ya zamani ibaki jinsi ilivyosainiwa.

Nyongeza ya kupanda kwa bei nayo huhitaji mahali pamoja tu. Mtunza orodha akiongeza asilimia 5, na mwandishi wa bajeti naye akiongeza 5 akidhani hakuna aliyefanya hivyo, 18 inakuwa karibu 19.85 badala ya 18.90. Napendelea orodha ibebe bei ya leo peke yake, na nyongeza ikae ndani ya bajeti kwenye mstari wake unaoonekana. Hivyo anayekagua akigawanya jumla kwa watu na siku kabla ya mstari huo, anapaswa kuipata 18 ileile kwenye kila bajeti. Akipata namba nyingine, ataanza kwa kuuliza kama ni CHK-01 au CHK-02.