Kivuli Kwanza, Rangi Mwisho: Kuhesabu Mbuzi na Ng'ombe kwa Picha za Droni

Mbuzi ukimtazama kutoka juu hana miguu, hana uso wala ndevu. Kinachobaki ni mgongo tu, na mgongo huo ukiwa mita 80 chini ya kamera unaonekana kama kijiti kinene. Kule Micheweni, kaskazini mwa Pemba, ardhi ya maweni imejaa mawe ya matumbawe yenye ukubwa huohuo na rangi hiyohiyo. Ndiyo maana wengi wanaoanza kazi hii huhesabu mawe wakarudi na mbuzi ambao mwenyewe hawajui.

Nataka nieleze namna ninavyoisoma picha moja, kwa mpangilio ninaoufuata siku zote: kivuli, kisha umbo, kisha mnyama amekaa na nani, na rangi mwisho kabisa.

Picha yenyewe tuliipiga Januari, wakati wa kaskazi, saa 2:30 asubuhi. Tulishapita kwa sheha na kwa wenye mifugo. Mzee mmoja alituambia, "Wanangu, msimshushie ng'ombe wangu hilo dude, ana mimba." Tukamjibu, "Hatushuki, babu, litabaki hukohuko juu." Na hilo si la adabu tu. Ng'ombe aliyefungwa akishituka huzunguka kigingi mpaka kamba imwishie shingoni, na mbuzi wa kuachiwa hutawanyika vichakani, hesabu ikaharibika. Kwa kamera yetu, ukiwa mita 80, pikseli moja ya picha ni kama sentimita 2.2 za ardhi. Mgongo wa mbuzi mzima unapata pikseli 30 hivi kwa urefu, na wa ng'ombe wetu wa nundu karibu 60. Zinatosha, ila kwa mbuzi hazina ziada.

Saa 2:30 niliichagua kwa makusudi. Wakati huo, mwezi huo, jua kule Pemba liko kwenye pembe ya kama digrii 30 kutoka upeo wa macho, na kivuli cha kitu kinakuwa mara 1.7 ya kimo chake. Kivuli kirefu namna hiyo ni picha ya pili ya mnyama, iliyochorwa kwa ubavu: mwili unaonyesha mgongo, kivuli kinaonyesha miguu, pembe, nundu na kichwa. Huwa naigeuza picha mpaka vivuli vianguke kuelekea kwangu, nikavisoma kama mtu anayetazama wanyama waliosimama mbele yake.

Jambo la kwanza ninalolitafuta ni mwanga kati ya mwili na kivuli. Mnyama aliyesimama tumbo lake haligusi chini. Akilipa jua ubavu, mwanga unapita chini ya tumbo, na kivuli cha kiwiliwili kinaangukia mbali kidogo naye. Kati yao hubaki ufa wa ardhi iliyopigwa jua, umekatwa na vistari vyembamba ambavyo ni vivuli vya miguu. Kwa mbuzi, ufa huo katika picha yetu ulikuwa na upana wa pikseli kumi na kitu. Jiwe halina ufa. Kivuli chake kimegandana nalo ubavu mzima. Mnyama akiwa ameelekea jua au amelipa mgongo, ufa haujitokezi vizuri, lakini kivuli kinatoka mbele au nyuma yake kikiwa chembamba, na mara nyingi masikio yanaonekana pembeni.

Katika kipande kimoja cha picha nilikuwa na vitu 14 vya kushuku. Tisa vilikuwa na ufa wa mwanga. Mmoja wao nilimpima: kivuli kilikuwa na urefu wa pikseli 46, yaani kama sentimita 101. Hesabu ya kimo ni hii:

```
kimo = urefu wa kivuli × tan(pembe ya jua)
101 × 0.577 = 58
```

Sentimita 58 ni mbuzi mzima aliyesimama. Ng'ombe wetu, mwenye kimo cha mita 1.1 hivi, angetupa kivuli cha karibu mita 1.9. Hesabu hii inataka ardhi iliyolala sawa. Kwenye mteremko kivuli hurefuka au hufupika, na mabonde ya Pemba yanakudanganya kama hukuliangalia hilo.

Vitatu havikuwa na ufa, na vimo vyake havikufika sentimita 20. Hayo yalikuwa mawe. Vilibaki viwili, visivyo na ufa, vyenye kimo cha kama sentimita 33. Hapo ndipo penye taabu, kwa sababu mbuzi aliyelala ana kimo hichohicho.

Umbo husaidia zaidi kwa wanyama wakubwa. Ng'ombe kutoka juu ni mpana katikati na nyongani, mabegani anabana, na nundu inaonekana kama uvimbe wenye kivuli chake wenyewe juu ya mgongo. Punda ndiye anayenifurahisha kuliko wote. Mstari mweusi unampita mgongoni kwa urefu na mwingine unamkata mabegani, kwa hiyo anayemtazama kutoka juu anaona msalaba.

Kisha natazama ujirani. Ng'ombe wengi huku kwetu hufungwa kamba, hawaendi kundi. Kutoka juu unaona duara la majani yaliyoliwa kuzunguka kila kigingi, na ng'ombe yumo ndani yake. Duara jipya lisilo na ng'ombe linaniambia nitazame chini ya mwembe au mnazi wa jirani. Ndama hafungwi, kwa hiyo yuko karibu na duara la mama yake. Vidoto vyeupe kando ya mwili mkubwa ni yangeyange, na yangeyange hafuati jiwe. Mbuzi wa kuachiwa wanajivuta kwa mstari uliokatikakatika, wengi wakielekeza vichwa upande mmoja wanapokula, ilhali mawe hayana mwelekeo.

Rangi naitumia kumtofautisha mnyama na jirani yake, si kumjua ni mnyama gani. Kundi moja la mbuzi lina weusi, weupe, wekundu na madoa. Mwekundu akisimama kwenye udongo mwekundu hupotea, kikabaki kivuli chake peke yake. Mweusi huungana na kivuli chake, ukamdhania ndama.

Tahadhari mbili kwa wanaorusha. Msihesabu kwenye ramani iliyounganishwa. Mbuzi aliyetembea kati ya picha na picha hutokea mara mbili, au hukatwa nusu penye maungio. Hesabuni kwenye picha zenyewe, moja moja. Na msiruke adhuhuri, hasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, siku ambazo jua linapita utosini kwetu. Kivuli chote kinaingia chini ya tumbo, na wanyama wenyewe wameshakimbilia mitini.

Vile viwili vya shaka nilivitafuta katika picha zilizofuata. Havikusogea hata kidogo, na hilo halikutoa jibu, maana mbuzi anayecheua anaweza kutulia hivyo muda mrefu. Tukaenda kwa miguu. Cha kwanza kilikuwa jiwe lenye kichaka kidogo juu yake. Cha pili kilinyanyuka tulipokikaribia: mbuzi wa kijivu, na ubavuni pake, ndani ya kivuli chake, mwanawe ambaye hatukumwona kabisa katika picha. Badala ya tisa tukaandika 11.